Elfu hamsini ya Baba Mdogo: utani uliokosa uso

Kundi lilikuwa la kamati ya harusi, watu 43 kwenye WhatsApp, na mimi ndiye niliyekuwa katibu na msimamizi wa kundi. Bwana harusi ni binamu yangu, mtu wa Same. Kwa hiyo upande wetu ni Wapare, na Wapare tunapofanya jambo Dar es Salaam hakukosi Mchaga mmoja ndani ya kamati anayejiita mtani wa ukoo mzima. Wetu alikuwa kaka mmoja wa Rombo aliyefanya kazi ofisi moja na Baba Mdogo kwa miaka mingi. Nitamwita Mtani, kwa sababu hata sisi hatumwiti vinginevyo. Wote wawili wameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisitaje majina na nisibadilishe maneno ya ule ujumbe.

Siku ya Alhamisi, saa tatu na nusu usiku, Mhazini alibandika orodha ya ahadi na malipo kama alivyozoea kila wiki. Jina la Baba Mdogo lilikuwa la sita: ahadi 500,000, amelipa 50,000, baki 450,000. Saa 3:52 Mtani akaandika hivi:

"Baba mdogo hiyo elfu 50 ni mchango au ni nauli ya kuja kuangalia wenzio wakila. Wapare bwana."

Vijana wanne wakaweka 😂 chini ya ujumbe, halafu kundi likanyamaza. Saa 4:01 mimi peke yangu nikaona taarifa kwamba Baba Mdogo ametoka kundini. Tangu mwaka 2022 mtu akitoka, WhatsApp inawaarifu wasimamizi tu. Mtani hakuona kitu. Alichokiona ni ukimya, akadhani watu hawajamwelewa, na saa 4:03 akaongeza 😂😂😂. Dakika chache baadaye, mtu mmoja alipomnong'oneza faraghani kwamba mzee ameondoka, akarudi tena kundini: "Natania tu jamani, mbona mmenuna."

Kufikia saa tano usiku skrinishoti ilikuwa imefika Nairobi kwa binamu yetu mwingine, na maneno yale yalikuwa yamenakiliwa na kutumwa kwa meseji ya kawaida hadi Same kwa Mama Mkubwa, ambaye hana simu janja wala haitaki.

Ambacho Mtani hakukijua, na wengi wetu hatukukijua, ni kwamba mke wa Baba Mdogo alikuwa amelazwa wiki ya pili. Ile elfu hamsini ilitoka mahali pagumu. Aliitoa ili jina lake lisisomwe na sifuri mbele ya wakwe, maana ndani ya kundi walikuwemo wawakilishi wawili wa upande wa bibi harusi. Ndiyo kusema alitoa pesa ili asiaibike mbele ya watu walewale ambao Mtani alimtania mbele yao.

Maneno yaleyale mezani

Nianze kwa kumtetea Mtani, kwa sababu usiku ule kila mtu alimgeuka. Maneno yale yangesemwa kwenye kikao cha Jumapili, uso kwa uso, yasingeleta kitu. Nimewasikia hao wawili wakisemeana mazito kuliko hayo. Mtani angeanza kwa kuvuta kiti karibu na Baba Mdogo, angemshika bega, angeipandisha sauti kwenye "nauli" na kuiburuta "Wapareee bwanaaa", na kabla hajamaliza Baba Mdogo angekuwa ameshamkatiza na la kwake kuhusu Wachaga na pesa. Wakwe wangecheka kwa sababu wangemwona Baba Mdogo mwenyewe anacheka. Pale kicheko cha mtaniwa ndicho kinachowapa wengine ruhusa ya kucheka.

Kwenye simu vyote hivyo vimekatwa, zimebaki herufi 93. Bega halipo, wala ile "bwanaaa" iliyoburutwa. Badala yake kuna "bwana" iliyofungwa kwa nukta, na neno hilo likifungwa kwa nukta linasomeka kama hukumu. Kubwa zaidi ni kwamba ile nafasi ya Baba Mdogo kukatiza haipo. Ujumbe umekaa umekamilika, yeye anausoma peke yake kwenye benchi la hospitali, na anaona wanne wameshacheka kabla yake.

Watu wengi wakisimuliwa kisa hiki husema haraka: angeweka emoji. Nami nilisema hivyo usiku ule. Baadaye nilikaa na ule ujumbe nikaujaribu kwa namna tofauti, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tukiongeza emoji peke yake

Chukua maneno yaleyale, uyapake vicheko:

"Baba mdogo hiyo elfu 50 ni mchango au ni nauli ya kuja kuangalia wenzio wakila 😂😂 Wapare bwana 😂"

Je, imepona? Kwangu imepona nusu. Mwandishi sasa anaonekana hana hasira. Lakini 😂 inasema jambo moja tu: mimi nacheka. Haisemi ninacheka na nani. Kama aliyeandikiwa yuko sawa moyoni, ataisoma "tunacheka". Kama ana kidonda, ataisoma "ninakucheka", na vicheko vitatu vitamuuma kuliko kimoja. Hiyo ndiyo hali iliyompata Baba Mdogo aliposimuliwa zile 😂😂😂 za saa 4:03. Ziliandikwa kulainisha, zikafika kama zomeazomea inayomfuata mtu aliyeinuka na kuondoka.

Kuna tatizo la chini zaidi ambalo hakuna emoji inayoligusa. Swali la ujumbe ule linaweza kuwa la kweli. Mtu anaweza kweli kuona elfu hamsini ni ndogo, anaweza kweli kufikiri mzee anakwepa, na orodha ya Mhazini iko palepale juu na namba zake. Utani uliosimama juu ya namba ya kweli ni deni lililovaa kofia ya utani, na mdaiwa huitazama namba kabla ya kofia.

Alama zilizozitangulia emoji zilizaliwa kwa ajali ya aina hii hii. Mwaka 1982, kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, wanasayansi wa kompyuta walikuwa wakitaniana kwa maandishi kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta zao. Mmoja aliuliza fumbo la fizikia: tone la zebaki lingefanya nini ndani ya lifti inayoanguka. Mwingine akaendeleza mzaha kwa kuandika tahadhari kwamba lifti moja imechafuliwa na zebaki na ina uharibifu kidogo wa moto. Wapo waliosoma tahadhari ile bila kufuata mazungumzo ya nyuma, wakaiamini. Ndipo ulipozuka mjadala wa namna ya kuweka alama kwenye mizaha, na tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza mstari huu uandikwe na usomwe kwa kulaza kichwa: `:-)`. Aliongeza kwa mzaha kwamba kwa hali ilivyo, pengine ingekuwa nafuu zaidi kuweka alama kwenye yale yasiyo mzaha.

Tazama kilichokosewa pale. Mzaha wa lifti haukuwa na tusi ndani yake. Ulieleweka vibaya kwa sababu ulifanana na tangazo la kweli, na kwa sababu aliyeusoma hakuwepo ulipoanza. Ule wa Mtani ulifanana na tangazo la Mhazini, na binamu wa Nairobi na Mama Mkubwa hawakuwepo siku yoyote kati ya siku ambazo hao wawili walicheka pamoja.

Kwa nini Mtani hakuona

Nilimuuliza kesho yake, alipokuwa ametulia: ulipobonyeza kutuma, ulidhani watu watakuelewa? Akasema hakuwa hata na wasiwasi. Na ninamwamini. Alipoandika "Wapare bwana" alijisikia kichwani akiiburuta. Sauti ilikuwepo, ila kwake tu.

Watafiti wa Marekani walilipima hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waliwaandikisha watu sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za dhati, wakazituma kwa barua pepe. Waandishi walitarajia wasomaji wataitambua nia yao mara 78 kati ya 100. Wasomaji waliipata mara 56. Ukirusha sarafu unapata 50, kwa hiyo barua ilizidi sarafu kwa kidogo sana. Waliosikia sentensi hizo kwa sauti walikaribia matarajio.

Namba hiyo inaniambia kwamba uhakika wa mwandishi si kipimo. Mtu anayetania vizuri kwa mdomo yuko hatarini zaidi kwenye maandishi, maana sauti anayoisikia kichwani ni nzuri kweli na amezoea kuitegemea. Wale wasiojua kutania huweka emoji kumi na kuanza na "samahani natania". Hawachekeshi, lakini hawavunji harusi.

Nafsi ya tatu

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomkera binamu wa Nairobi. Alinipigia saa tano na robo, hakusalimu: "Huyo mtu anawezaje kuandika kabila la watu kwenye kamati, na nyinyi mnaweka vicheko?" Kwake haikuwa habari ya mzee na mchango. Amekaa Kenya miaka mingi, nchi ambayo kutaja kabila la mtu kwa kebehi hadharani kuna kumbukumbu nzito, na ambayo tangu 2008 ina sheria na tume ya uwiano wa kitaifa. Kwetu huku, Mpare kuitwa bahili na Mchaga ni kama kusalimiwa. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania nayo inakataza kumtukana mtu kwa msingi wa asili yake kupitia kompyuta, na sheria haina kipengele cha mtani. Skrinishoti ikishatoka kundini inabaki na maneno matupu.

Lakini mimi naona kosa la "Wapare bwana" ni la sarufi kabla ya kuwa la kabila. Utani wa kweli ni wa nafsi ya pili. Mtani humgeukia mtani wake na kusema "wewe". "Nyie Wapare mtatuua" bado ni utani, kwa kuwa aliyeambiwa yumo na anaweza kujibu "na nyie Wachaga". "Wapare bwana" haimwambii yeye. Inawaambia wengine habari zake, naye amekaa palepale. Mezani hilo hufichwa na macho: Mtani angesema "Wapare bwana" huku akimtazama Baba Mdogo, na jicho lingeifanya nafsi ya tatu kuwa ya pili. Kwenye simu jicho halipo, na wakwe waliambiwa jambo kuhusu ukoo unaomwoa binti yao.

Kuna viambishi vinavyofanya kosa hilo hilo bila mtu kushtuka. Angeandika "kielfu hamsini chako" ingekuwa mbaya mara mbili, kwa sababu ki- ya kudogosha inashusha kitu cha mwenzio. Ya kukuza ni salama zaidi, kwa kuwa ukiita elfu hamsini "limchango" kila mtu anaona wazi kwamba unapiga chumvi.

Tukibadili maneno

Sasa jaribio la pili. Niliuandika upya kwa kanuni moja tu: kisemwe kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu anaweza kukiamini.

"Mtani wangu wa Same, elfu 50 yako imefika na bado inanukia tangawizi. Uliifukia shambani mwaka gani? 🙈🏃🏾‍♂️"

Same inalima tangawizi, kila mtu kundini anajua. Pesa hainukii tangawizi, na hakuna anayefukia noti shambani. Ubahili wa Mpare bado umo, maana bila huo hakuna utani, ila umehama kutoka kwenye orodha ya Mhazini ukaenda kwenye hadithi. Salio la 450,000 halimo tena kwenye sentensi. Akitaka kujibu, njia ziko wazi: anaweza kutaja mwaka, anaweza kusema nyingine bado zinaota, anaweza kumgeukia Mtani na kuuliza amejuaje harufu ya noti. Swali la kwanza, la mchango au nauli, lilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa ya aibu.

"Mtani wangu" imekuja mwanzoni, wala haikuachwa mwishoni kama kiraka. Msomaji wa simu huamua aina ya ujumbe kwenye maneno matatu ya kwanza, na Baba Mdogo kwenye arifa ya juu ya simu angeona "Mtani wangu wa Same" kabla hata ya kufungua. Kwenye ujumbe wa awali alichokiona ni "Baba mdogo hiyo elfu 50", na hapo moyo umeshakaza.

Na emoji nazo zimebadilika. Sikuweka 😂. Nyani aliyeziba macho na mtu anayekimbia humwelekea mwandishi mwenyewe: nimesema, ninaona aibu, ninakimbia kabla hujanirushia jiwe. Kwenye makundi yetu huyo mkimbiaji ana maana inayoeleweka kuliko uso wowote unaocheka, kwa sababu anakiri kwamba kilichosemwa kina uchokozi na anampa mchokozwa haki ya kumkimbiza. Kicheko hujiwekea ushindi, mkimbiaji anakubali kushindwa mapema. Ningeweza pia kuandika "nimekimbia" kwa maneno, au ile "kwikwikwi" ya zamani, na kazi ingefanyika vilevile.

Hilo la maneno si dogo, na hapa ndipo Mama Mkubwa anapoingia. Yeye ana kitochi. Meseji ya kawaida isiyo na emoji hubeba herufi 160, lakini ukitia emoji moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Zile herufi 93 za Mtani zilikwenda kwa meseji moja. Zingekuwa na 😂 moja zingekatika mbili. Na kitochi cha zamani hakina picha hizo: mahali pa uso unaocheka huonekana kijisanduku kitupu, kana kwamba kuna neno limefutwa. Wajukuu wakilijua hilo huzifuta emoji kabla ya kunakili. Kwa hiyo ujumbe wa kundi lenye wazee una safari ya pili ambayo emoji hazifiki. Tangu siku hiyo, ninapoandika utani kwa kundi kubwa ninafuta emoji kwanza na kusoma kilichobaki. Kama bila picha ni tusi, basi ni tusi. Ile ya tangawizi bila picha bado ni upuuzi mtupu, na Mama Mkubwa angecheka.

Kwa wazee wenye simu janja nako kuna shida yake. Shangazi yetu mmoja huweka 😂 kwenye taarifa za misiba kwa kuwa anayaona machozi, hauoni mdomo. Tumeshazoea, lakini ukitegemea 😂 pekee ikusemee kwamba unatania, kumbuka kuna mtu kundini anaiandika akilia.

Hata toleo la tangawizi nisingelituma pale lilipotumwa. Chini ya orodha ya madeni, mbele ya wakwe, kila neno linasomwa kwa mwanga wa ile orodha. Ningelituma kesho yake mchana, picha za ukumbi zinapopita.

Kurekebisha

Saa 4:20 usiku nilimpigia Mtani. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuuhariri ujumbe atie vicheko. Muda wa kuhariri kwenye WhatsApp ni dakika 15 na ulikuwa umepita, na hata ungekuwepo, alama ya kwamba ujumbe umehaririwa ingeonekana na wenye skrinishoti wangelinganisha. Wazo la pili lilikuwa kuufuta. Hilo bado liliwezekana, lakini ujumbe uliofutwa huacha mabaki yanayosema umefutwa, na waliokuwa wamelala wangeamka wakiuliza kilikuwa nini, na wa kuwajibu wasingekosekana. Tukauacha.

"Natania tu jamani, mbona mmenuna" nilimwomba aione kwa jicho la Baba Mdogo. Sentensi hiyo inaonekana kama maelezo, kumbe inahamisha kosa: mimi sina tatizo, nyinyi ndio mmenuna. Hapo ndipo aliponyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Alipiga simu usiku uleule, haikupokelewa. Asubuhi saa moja na nusu alimwandikia Baba Mdogo faraghani, na nimeonyeshwa: "Shikamoo baba mdogo. Nilikosea. Nilikutania mbele ya wakwe na sikujua hali ya mama hapo hospitali. Naomba nije kuwaona leo jioni." Hakuna emoji hata moja, hata 🙏. Nilimsifu kwa hilo baadaye, akasema aliiweka akaitoa mara mbili. Alifanya vizuri. Siku unapoomba radhi kwa utani, kila alama ya uchangamfu inamfanya mwenzio ajiulize kama utani unaendelea. Na akamwamkia, jambo ambalo watani hawafanyi mara kwa mara. Shikamoo ile ilivua utani kwa muda na kumweka Baba Mdogo kwenye kiti chake cha ubaba.

Jioni akaenda hospitali na uji kwenye chupa. Walichoongea sikukijua, na kwa binamu wa Nairobi nilitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili kueleza hao wawili ni nani kwa nani. Hakuridhika sana. Alisema, "Sawa, ni watani. Lakini andikeni basi kwamba ni watani." Nilitafuta jibu la kumpinga nikakosa.

Jumamosi Baba Mdogo alinipa ruhusa nimrudishe kundini. Nikamrudisha saa mbili usiku, na watu 43 wakakaa kimya kama darasa mwalimu akiingia. Mtani akaandika:

"Mtani wangu wa Same, karibu tena kundini 🙌🏾 Nimepigwa faini ya mbuzi mmoja. Mbuzi nimempata Rombo ila amekataa kupanda basi, anasema hasafiri na Mchaga aliyebeba nauli ya watu 🏃🏾‍♂️🏃🏾‍♂️"

Mbuzi anayeongea, mchokozi anayejirushia jiwe mwenyewe, na ile "nauli" ya Alhamisi imerudi ikiwa mgongoni mwa aliyeianzisha. Dakika tatu zikapita, ndefu, nikiangalia Baba Mdogo anaandika, anaacha, anaandika. Halafu:

"Faini imepokelewa. Kamati, siku ya harusi mtani akifika mlangoni mdondosheeni sarafu. Asipogeuka, si yeye, mrudisheni 😂"

Hiyo 😂 ilitoka kwa mwenye kidonda, na kundi zima likalipuka, wakwe wakiwemo.

Mjukuu mmoja akayanakili yote mawili, akafuta emoji, akamtumia Mama Mkubwa. Jibu la kitochi lilirudi baada ya nusu saa: "Huyo mbuzi ni dume au jike." Halina alama ya kuuliza, halina lolote. Hadi leo hatujui kama alikuwa anatania, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mtani alinunua mbuzi.